Maneno ya asubuhi ndani ya basi: Iringa hadi Mbeya kwa siku moja

*Shikamoo mzee. Wiki mbili zijazo naongoza basi la walimu wastaafu 42 kutoka Iringa kwenda Mbeya, tukipitia eneo la kale la Isimila. Safari iliyopita niliwasomea wageni ratiba nzima asubuhi, kilomita kwa kilomita, na bado kila baada ya muda mtu aliniuliza tunafika saa ngapi na choo kiko wapi. Mwisho tukaingia Mbeya usiku, watu wamenuna. Yale maneno ya kuwakaribisha wageni yanapangwaje?*

Marahaba, mwanangu. Wageni wako walikusikiliza vizuri tu, ila ulichowapa hakikujibu kinachowasumbua. Mtu aliyekaa kwenye kiti cha basi hana kazi na kilomita. Anataka kujua atashuka saa ngapi, akishuka atapata nini, na usiku ataingia chumbani saa ngapi. Kilomita ni zako wewe na dereva, za kupigia hesabu kwenye daftari siku moja kabla. Ukishazipiga vizuri, asubuhi utasimama mbele ya watu ukiwa na nyakati tano au sita tu za kutaja, na hizo watazishika.

Kwa hiyo nianze na daftari, maana maneno mazuri juu ya hesabu mbovu ndiyo yanayonunisha watu.

Iringa hadi Mbeya ni kama kilomita 335 kwa barabara kuu. Sheria inaruhusu basi la abiria mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, na 50 kwenye makazi ya watu. Waongozaji wengi huchukua 335, wakagawa kwa 80, wakapata saa nne na dakika chache, wakaongeza saa moja ya chakula na kutangaza tano. Hapo ndipo siku inapoharibika, kwa sababu basi la watalii halitembei kilomita 80 kwa saa hata kama mshale wa dereva unasoma hivyo muda mrefu.

Chukua kipande cha Mafinga hadi Makambako, kama kilomita 90. Kwa 80 kwa saa ungetegemea dakika 68. Sasa tuseme kilomita 30 kati ya hizo zinapita kwenye vijiji vyenye kibao cha 50. Hizo 30 peke yake ni dakika 36, na 60 zilizobaki ni dakika 45, umeshafika 81. Weka na malori. Hii ndiyo njia ya mizigo ya Zambia na Kongo kupitia Tunduma, na lori lililojaa likishika mlima linapanda polepole, huku mstari mweupe usiokatika ukimkataza dereva wako kulipita. Weka na mizani ya Makambako, ambako basi nalo linapimwa kama gari lingine zito. Dakika 20 za mambo hayo si nyingi. Tayari una dakika 101, yaani saa moja na dakika 40, kwa kipande ambacho kwenye karatasi kilikuwa saa moja na kitu. Ukifanya hivyo kwa njia nzima utaona wastani wako ni karibu kilomita 50 kwa saa. Mimi hutumia hiyo 50 kwa barabara ya Iringa na Mbeya, na nikiwa na dereva nisiyemjua namuuliza jana yake: "Kaka, Mafinga kwenda Makambako wewe unatembea muda gani ukiwa na basi limejaa?" Jibu lake lina thamani kuliko ramani ya kwenye simu, maana ramani inapiga hesabu ya gari dogo.

Usijaribu hata kidogo kuokoa muda kwa kumwomba dereva aongeze mwendo. Mabasi ya abiria yana kifaa kinachotuma mwendo wao kwa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, trafiki wenye tochi wako vijijini, na basi likisimamishwa umepoteza dakika nyingi kuliko ulizotaka kuokoa. Zaidi ya hayo, walio nyuma yako ni wazee.

Sasa siku yako yenyewe. Wakusanye saa 1 kamili asubuhi, basi liondoke saa 1:30. Hiyo nusu saa si ya mapambo: mizigo ya watu 42 kuingia chini ya basi, mmoja kurudi chumbani kuchukua dawa, mwingine kutaka kubadilisha kiti, ndiyo nusu saa yenyewe. Kutoka mjini mnateremka hadi Ipogolo, mnashika barabara ya Mbeya, na Isimila iko kama kilomita 20 kutoka mjini. Pamoja na mteremko na njia ya vumbi ya kuingilia, weka dakika 35. Mko pale saa 2:05.

Isimila ndiyo inayokula muda, na ndiyo iliyokuchelewesha safari iliyopita, kwa ninavyokisia. Watu 42 hawawezi kuingia kwenye jumba dogo la makumbusho kwa pamoja, wala kushuka bondeni kwenye nguzo za udongo kwa mstari mmoja. Wa mwisho atakuwa bado anashuka wakati wa kwanza anapanda. Wagawe 21 kwa 21 mkiwa bado ndani ya basi, upande wa kulia na upande wa kushoto. Upande mmoja uanze na zana za mawe za kale, mwingine uanze na bonde, kisha wabadilishane. Dakika 45 kwa kila kundi mara mbili ni 90, na 10 za kubadilishana na kurudi kwenye basi. Jumla saa moja na dakika 40, mnaondoka saa 3:45. Ukiona umeandika "Isimila, saa moja", jua umeandika uongo. Kuna wazee ambao magoti hayatawaruhusu kushuka. Waulize jana yake kwa faragha, si kwenye kipaza sauti, na uwapangie kukaa juu na mtu wa makumbusho. Na mvua ikiwa imenyesha usiku, piga simu pale asubuhi uulize hali ya njia ya kuingilia, maana basi kubwa kwenye udongo uliolowa ni jambo jingine kabisa.

Isimila hadi Mafinga ni kama kilomita 60. Mizani ya Wenda nayo iko kati ya Iringa na Mafinga, kwa hiyo kipande hiki kipe saa moja na robo. Mafinga saa 5 kamili. Hapo ni choo na chai, na hapa nataka ukae na kalamu kidogo. Watu 42, vyoo vinne, dakika mbili kila mtu: hizo ni zaidi ya dakika 20 kabla hajanunua mtu hata maji. Wengi wenu ni akina mama? Basi vyoo vya wanawake vitakuwa na foleni na vya wanaume vitakuwa wazi, na dakika 20 zinakuwa 30. Kwa hiyo Mafinga ni nusu saa, na unaitangaza kuwa nusu saa. Ukitangaza dakika 15 ukijua ni 30, umewafundisha wageni kwamba saa zako ni za kupuuzwa, na kuanzia hapo hawatakuheshimu hata ukiwaambia kweli.

Mnaondoka Mafinga saa 5:30, mnafika Makambako saa 7:10 kwa ile hesabu ya dakika 100. Chakula cha mchana saa moja kamili, kwa sharti kwamba umeagiza. Piga simu ukiwa Mafinga, toa idadi: wangapi wali kuku, wangapi ugali na samaki, wangapi hawali nyama. Aina za vyakula zikiwa tatu, jiko linaweza kuzipakua. Kila mzee akichagua mezani kutoka kwenye ubao, saa moja inakuwa mbili na hakuna wa kulaumiwa isipokuwa wewe.

Makambako hadi Chimala ni kama kilomita 95, saa moja na dakika 45. Mko Chimala saa 9:55. Dakika 20 za kunyoosha miguu na choo, mnaondoka saa 10:15. Chimala hadi Uyole ni kama kilomita 65, lakini mnapanda tena kutoka bondeni, na karibu na Uyole kuna Mlima Nyoka ambako malori hutambaa. Saa moja na robo. Uyole saa 11:30 jioni. Kutoka Uyole hadi katikati ya Mbeya ni kilomita 10 tu, na ndizo kilomita zenye foleni kuliko zote za siku. Weka nusu saa, ukijua inaweza kuwa dakika 50. Hoteli saa 12 kamili jioni ikienda vizuri.

Jumlisha: basi linatembea saa saba, mnasimama saa tatu na nusu. Ukiwa na picha hiyo kichwani, hutatangaza tena safari ya saa tano.

Ona pia kwamba hakuna kipande kinachozidi saa moja na dakika 45 bila choo. Hilo nimelipanga makusudi. Kwa kundi la watu wazima usipite saa mbili, na kwa wazee wenye dawa za presha, zile zinazopeleka msalani mara kwa mara, hata saa mbili ni nyingi. Walimu wa kike waliostaafu hawatakuomba usimamishe basi wachimbe dawa porini. Watakaa kimya, wataacha kunywa maji tangu asubuhi ili wasikusumbue, na mchana utaona mmoja kichwa kinamuuma. Kuwaambia mapema choo kiko wapi ni kuwaruhusu kunywa maji.

Sasa maneno yenyewe. Sema basi likiwa limesimama, injini imewaka au haijawaka, lakini watu wote wamekaa na mizigo imefungwa. Usiseme mkiteremka kwenda Ipogolo: njia ina kona, wewe umesimama, na wao wanaangalia mandhari. Jaribu kipaza sauti kabla hawajapanda, na mtume utingo akae kiti cha mwisho akuonyeshe kwa mkono kama unasikika. Dakika tatu au nne zinatosha. Ningesema hivi:

"Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Na kwa kuwa tuko Iringa, kamweneni. Mimi ndiye nitakuwa nanyi hadi mtakapokabidhiwa funguo za vyumba Mbeya jioni ya leo. Aliyeshika usukani ni dereva wetu, na mwenzake ni huyu kijana aliyepanga mizigo yenu. Mkiwa na shida ya begi, mwiteni yeye. Naomba kila mmoja afunge mkanda sasa hivi, nami nitapita kuangalia.

"Leo tunaelekea Mbeya, na tutashuka mara nne njiani. Mara ya kwanza ni karibu sana: baada ya kama nusu saa tuko Isimila, na pale tutakaa zaidi ya saa moja na nusu. Mara ya pili ni Mafinga, saa tano, kwa choo na chai. Mara ya tatu ni Makambako, kama saa saba na robo, kwa chakula cha mchana, chakula kitakuwa kimeshaagizwa. Mara ya nne ni Chimala, saa kumi, kunyoosha miguu na choo. Mbeya tunaingia kati ya saa kumi na mbili jioni na saa moja kasoro robo. Sisemi dakika kamili, kwa sababu kutoka Uyole kuna foleni ya magari. Kila tutakaposhuka choo kipo, na foleni ya Uyole isipotubana, hakuna mahali tutakaa ndani ya basi kwa saa mbili mfululizo. Kwa hiyo kunyweni maji bila wasiwasi. Mtu akizidiwa katikati asisubiri, aniambie tu, basi litasimama.

"Siku yetu ina hali ya hewa za aina tatu. Makambako kuna upepo na baridi, shukeni na sweta. Chimala tutakuwa chini bondeni, kuna joto, sweta mtalivua. Mbeya jioni mtalitafuta tena. Kwa hiyo sweta liwekeni karibu, msiliache kwenye begi lililo chini. Nimemaliza. Nitarudi kwenu dakika tano kabla ya kila kituo."

Ukihesabu, hakuna kilomita hata moja mle. Kama mzee mmoja aliyefundisha hesabu atakuuliza umbali, na kwa walimu hakosekani, mjibu kwa furaha ukiwa umekaa karibu naye. Namba zako zote unazo. Wengine wawekee kwenye karatasi moja iliyobandikwa nyuma ya kiti cha dereva: jina la kituo, saa ya kufika, saa ya kuondoka. Herufi kubwa, kwa kalamu nene.

Kuna sababu ya mpangilio huo. Saa ya kufika Mbeya nimeitaja mwishoni kwa upana wa dakika 45, kwa kuwa makosa ya siku nzima hujikusanya kwenye kipande cha mwisho. Vituo vya mwanzo nimevitaja kwa uhakika zaidi kwa sababu viko karibu, na ukivitimiza viwili vya kwanza kwa wakati, wageni watakuamini hadi jioni. Kuhusu sweta, hiyo si porojo. Mnaanza Iringa kwenye mwinuko wa kama mita 1,550, mnapita nyanda za Mafinga na Makambako ambazo Juni na Julai baridi yake inauma, mnateremka hadi bonde la Usangu ambalo liko kama mita 1,000 na kidogo, kisha mnapanda tena hadi Mbeya, mita 1,700 hivi. Mzee aliyeacha koti lake chini ya basi atawasimamisha wenzake wote Makambako utingo akifungua buti.

Ukipata wageni kutoka nje ya nchi ndani ya kundi, kila saa itaje mara mbili: saa saba na robo mchana, kwenye simu zao itasomeka 13:15. Nimeona mgeni akirudi kwenye basi akiwa amechelewa na ana uhakika kabisa kuwa amewahi.

Yale mengine yote uliyotaka kuwaambia asubuhi, yagawe njiani. Hapa ndipo kazi yetu ilipo tamu. Kabla ya kufika Isimila, dakika tano, waeleze tu jinsi mtakavyogawanyika na saa ya kurudi kwenye basi. Mkitoka pale, watu wametulia, wana vumbi kwenye viatu, hapo ndipo wape Mkwawa: kwamba mwaka 1891 kule Lugalo Wahehe walilipiga jeshi la Wajerumani na kamanda wao Zelewski akafa, kwamba Mkwawa alijiua mwaka 1898 asikamatwe, na fuvu likarudishwa Kalenga mwaka 1954. Kalenga haimo kwenye njia yenu, iko upande mwingine wa Iringa, na ni lazima useme hivyo mapema, maana mwalimu wa historia atataka mpite. Vivyo hivyo kuhusu Kitulo. Mkiwa Chimala mtu atakuonyesha mlimani akuambie bustani ya maua iko juu hapo hapo, si mbali. Ni kweli iko juu hapo hapo, na njia ya kupanda kutoka Chimala kwenda Matamba ina kona 57 zinazojulikana nchi nzima. Si njia ya basi kubwa, na si ya saa kumi jioni. Mwambie hiyo ni safari ya siku yake, kwa magari madogo.

Karibu na Mafinga waonyeshe misitu ya misonobari ya Sao Hill iliyopandwa kwa mistari. Makambako, wakati wa kusubiri chakula, waambie reli wanayoiona ni TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, na kwamba barabara inayochepuka pale inakwenda Njombe na Songea. Kati ya walimu wa umri huo hukosi aliyepangiwa kazi Songea enzi zile akashuka kwenye basi Makambako usiku wa manane. Mpe yeye kipaza sauti. Dakika zake tano zitasikilizwa kuliko zako.

Baada ya Makambako taja upande. Usiseme "mnaona milima ile", sema "kushoto kwenu, milima ya Kipengere, kulia, bonde la Usangu na mashamba ya mpunga ya Mbarali". Basi likiwa linakwenda 80, kitu kinachoonekana dirishani kinapita kabla hujamaliza sentensi, kwa hiyo kitaje kabla hakijafika. Na baada ya chakula, nusu saa ya kwanza nyamaza kabisa. Watasinzia, na wana haki.

Sasa ratiba ikikukimbia. Weka alama mbili kwenye daftari lako. Ya kwanza ni Mafinga: kama hamjaondoka pale saa 6 kasoro robo mchana, mmeshapoteza robo saa, na bado inaweza kufidiwa. Ipigie simu hoteli ya Makambako wapakue kabla hamjafika, na saa ya chakula iwe dakika 45. Ya pili ni Makambako: kama mnaondoka baada ya saa 8 na dakika 40, mmechelewa nusu saa, na hapo kinachokatwa ni Chimala. Hukifuti, unaondoa kunyoosha miguu na picha, unabakiza choo. Isimila usiikate kwa kuwaharakisha wazee kwenye mteremko, na choo cha Mafinga usikiguse. Kubaliana na dereva juu ya alama hizo jana yake, ili msibishane mbele ya abiria.

Mkichelewa, sema mara moja na utoe saa mpya. "Mama zangu, tumetumia robo saa zaidi Isimila kwa sababu palikuwa pazuri. Chakula sasa ni saa saba na nusu badala ya saa saba na robo. Mbeya hakujabadilika." Watu huvumilia kuchelewa wakijua kumefika wapi. Wasichovumilia ni "bado kidogo". Neno hilo liondoe kabisa mdomoni mwako, na mwombe utingo naye aliondoe, kwa sababu mkiwa wawili mkitoa majibu mawili tofauti, abiria watamwamini anayetoa saa ya mapema na kukukasirikia wewe.

Utajuaje kabla ya watu kununa? Tazama wanavyoanza kukusanya vitu. Mtu aliyeambiwa atashuka saa tano huanza kuvaa viatu kama dakika kumi kabla. Ikifika saa tano na dakika kumi viatu vimevaliwa, mikoba iko mapajani na basi bado linatembea, usingoje swali. Chukua kipaza sauti useme mko wapi na zimebaki dakika ngapi. Ukiwahi hivyo mara mbili tatu asubuhi, mchana hawatakuuliza.

Mkiwa Igurusi, kabla ya kuanza kupanda, piga simu hotelini Mbeya uwape saa ya kweli ya kufika, siyo ile ya kwenye barua ya kuweka nafasi. Waambie wapange funguo kwa majina, na vyumba vya chini wapewe wale ambao hawakushuka bondeni Isimila. Uyole, foleni ikianza, toa tangazo lako la mwisho: zimebaki kilomita kumi, inaweza kuchukua nusu saa au zaidi, chakula cha jioni ni saa mbili usiku, na kesho hakuna kuondoka kabla ya saa tatu asubuhi. Majina ya vyumba wasomee basi likiwa kwenye foleni, kwa taratibu, ili kila mzee ashuke akijua chumba chake kabla hajakanyaga ngazi ya hoteli.